Kabla Hujalilia Zohali, Uliza Ulizaliwa Saa Ngapi

Juzi usiku dada mmoja wa mtaa wa Umoja, Nairobi, aliniandikia. Mnajimu amemwambia sayari ya Zohali imekaa nyumba yake ya 7, sehemu ya chati inayohusu ndoa, kwa hiyo ndoa aisahau kwanza. Nilisoma nikashika kidole changu cha kati, maana maneno hayo niliyabeba miaka sita.

Mimi ni wa Septemba 1989. Mnajimu wangu, pale Ngara, aliniuliza saa ya kuzaliwa nikamjibu kama mama anavyosema siku zote: saa mbili. Akaandika 2:00. Chati, yaani ramani ya anga ya saa niliyozaliwa, ikatoka na buruji ya Mapacha ikichomoza, Zohali ikiwa katika Mshale, nyumba ya 7, ile ya ndoa. Unajimu wa Kihindi huisoma Zohali hapo kuwa ni kuchelewa, si kunyimwa. Yeye aliniambia nimefungwa. Tena sayari ya Mshtarii alikuwa nyumba ya 1 akiitazama ya 7, yaani akiigusa kwa nguvu zake, jambo linalohesabiwa nafuu kubwa. Hakulitaja.

Akanipa dawa: kufunga Jumamosi, taa ya mafuta ya ufuta, sadaka ya ufuta mweusi. Hizo hazikuniumiza. Kilichoniumiza ni pete ya yakuti ya buluu, kito cha Zohali, ya kuvaa kidole cha kati, iliyokula akiba yangu yote. Kito huaminiwa kuipa nguvu sayari yake. Sasa kama Zohali ndiyo inayoikalia ndoa yangu, niiongezee nguvu ya nini? Wanajimu waangalifu humfanya mtu akijaribu kito siku chache kwanza, na wengine hawakitoi kabisa. Mwaka huohuo nilimkataa kijana aliyekuwa tayari kuleta wazee kwetu, nikiona namharibia wakati.

Ukweli ulitoka jikoni, mama akikata sukuma. "Saa mbili asubuhi, mwanangu. Baba yako alikuwa ameshaenda kazini."

Saa mbili yetu ya asubuhi ni 08:00! Tofauti ni saa sita, na buruji inayochomoza hubadilika kila baada ya saa mbili hivi, kwa hiyo chati yangu ilikuwa imekosewa kwa buruji tatu. Katika ile sahihi inachomoza Mashuke, na Zohali imehamia nyumba ya 4. Kutoka hapo huzitazama ya 6, ya 10 na ya 1. Ya 7 haiigusi.

Sitawaficha, kivuli kilibaki. Nyumba yangu ya 7 sasa ni Samaki, mwenye nyumba, yaani sayari inayoitawala, ni Mshtarii, naye yuko Mapacha, uso kwa uso na Zohali. Mnajimu wa pili alisema hiyo inaweza kuchelewesha kidogo, na hakuniuzia kitu. Niliolewa nikiwa na miaka 33.

Jamani, msitoe hata shilingi kabla mnajimu hajakuuliza ni asubuhi au usiku. Akisoma nyumba ya 7 bila kumtafuta mwenye nyumba na anayemtazama, ondokeni.

Dada wa Umoja, mpigie mama yako kesho. Muulize ulipozaliwa kulikuwa kumeshapambazuka au bado.