Neema haombi radhi mara mbili

Swali: "Mwalimu, naandika hadithi ya vijana wa Dar es Salaam wanaofanya kazi maofisini. Nimewachanganyia Kiswahili na Kiingereza, lakini kila anayesoma ananiambia wanasikika kama wanaigiza. Nipunguze Kiingereza, au tatizo liko kwingine?"

Jibu: Usipunguze kwanza. Kinachokiua kipande ulichoniletea ni jambo lililonichosha miaka mingi katika hadithi na tamthilia zetu: mhusika anayejitafsiria. Huyu hapa Neema wako, akiulizwa na Baraka:

— Wai hukunikoldi jana? Kwa nini hukunipigia simu?
— Ai em sori, samahani sana. Ai wozi bize, nilikuwa na kazi nyingi.

Neema anamwomba radhi nani hapo? Baraka alishaielewa sori, wamesoma darasa moja. Samahani inayofuata ameandikiwa msomaji, na msomaji anaisikia sauti ya mwandishi ikimziba Neema mdomo. Kisha anajitetea, na utetezi nao unakuja mara mbili. Kijana wa mjini anachanganya lugha ili aende haraka, nawe unamrudisha nyuma kila sentensi. Hili sitalivumilia, hata liandikwe na nani.

Kurudia kwa lugha ya pili kupo, lakini kuna kazi yake. Mzazi anasema "Njoo hapa," mtoto hatikisiki, anaongeza "Kamu hia!" kwa sauti kali zaidi. Hapo amri ya kwanza imepuuzwa na ya pili inaongeza uzito. Kama hakuna aliyepuuza, futa mojawapo.

Kosa la pili limo ndani ya kile kitenzi, "hukunikoldi". Mtaalamu Carol Myers-Scotton, aliyeyachunguza mazungumzo ya Nairobi, alieleza mwaka 1993 kwamba katika mchanganyiko wa namna hii lugha moja ndiyo inayobeba kiunzi cha sentensi. Kwa vijana wako kiunzi ni Kiswahili: nafsi, wakati, ukanushi na upatanisho wa ngeli. Kiingereza kinaleta mzizi tu. Wakati uliopita umeshasemwa na -ku- ya "huku-", kwa hiyo kile kimkia cha Kiingereza, -di, hakina pa kukaa. Msichana wa Sinza anasema "hukunikol", basi.

Mzizi huo unaingia kwa mlango uleule yalikopitia maneno yaliyotoka Kiarabu. Tunasema hajibu, hasamehe, wala hatubadili irabu ya mwisho kama tunavyofanya kwa hapendi. Ndiyo maana kijana anasema "hanisapoti" bila kufikiri. Na kama jibu lilivyozaa jibiwa, bloki imezaa blokiwa. Ukitaka kujipima, toa mzizi wa Kiingereza, weka wa Kiswahili, usiguse kingine. "Ungeniteksti" inakuwa "ungeniandikia" na sentensi inasimama. Ikianguka, umelazimisha.

Sasa tuwaache waongee:

— We Neema, jana mbona kimya?
— Sori jamani. Bosi katuletea ripoti saa kumi na moja jioni, dedilaini asubuhi. Simu niliiweka sailensa.
— Ungeniteksti hata neno moja. Mi nikajua umenibloki.
— Nikubloki kwa lipi? Acha hizo bwana.

Kiingereza hakijapungua sana, ila angalia kilipokaa: bosi, ripoti, dedilaini, sailensa, bloki. Vyote vimetoka ofisini na kwenye simu, mahali Neema alipokutana na vitu vyenyewe vikiwa tayari na majina hayo. Baraka alipomgusa moyoni, jibu limetoka Kiswahili, ukiacha ile bloki anayomrudishia, na "acha hizo bwana" haina mbadala wa Kiingereza utakaompa Neema uchungu uleule.

Halafu simu iite, awe mama yake:

— Shikamoo mama.
— Marahaba. Umekula?
— Bado mama, leo tumebanwa na kazi.

Ile dedilaini imekwenda wapi? Imebaki kwa Baraka. Hadithi yako nzima ina Neema mmoja anayeongea sawa na mama, bosi na mpenzi, na hapo ndipo wasomaji wako wanapoona maigizo, hata kama hawajui kulitaja kosa.

Mambo mawili madogo. Vijana wako ni wa Dar, kwa hiyo "niko na njaa" na "uko aje" warudishie wenzetu wa Nairobi, ambao wana mchanganyiko wao wenye kanuni zake. Na maneno ya Kiingereza usiyaandike kwa mlazo wala kuyafungia alama za kunukuu. Neema hasiti kabla ya kusema dedilaini, basi nawe usimsitishe.