Barua kwa mwanangu: yule rafiki yako niliyekuwa simpendi

"Mama, yule rafiki yangu wa sekondari ulikuwa humpendi na mi nilijua, mbona hukuwahi kunikataza? Sa huyu wangu ana miaka 13 na kapata rafiki wa aina ile ile, nashindwa kuvumilia, nifanyeje?"

Mwanangu,

Kukataza nilikaribia sana. Siku ile alipoingia akafungua friji bila hata kuomba, mi nimesimama palepale, nilisema kimoyomoyo huyu leo mwisho. Na kabla ya hapo nilishaharibu, sijui kama unakumbuka, tuko kwenye gari nikakwambia yule mtoto hana adabu. Ukageukia dirishani, na karibu mwezi mzima kila nikiuliza habari za shule jibu ni "poa tu". Nilimsema yeye kumbe we umesikia nimekusema wewe, manake rafiki wa umri ule mtoto kamchagua mwenyewe, ukimponda ni kama umemwambia hana akili ya kuchagua. Hapo atamtetea hata kwa mambo ambayo yeye mwenyewe yanamkera.

Ndo usiku mmoja nikachukua karatasi nikagawa katikati, huku vinavyonikera mimi, huku vinavyomuumiza mwanangu. Upande wangu ukajaa: kucheka kwa kelele, kudakia wakubwa wakiongea, friji (na nikiri, mengine yalikuwa majivuno tu, mama yake nilikuwa sipatani naye). Upande wako yakabaki mawili. Anakopa hela zako harudishi, na akikasirika anakununia mpaka we uombe msamaha hata kama kosa ni lake. Upande wa kwanza nikaachana nao kabisa, nikabaki na hayo mawili.

Afu nikaanza kumwalika, tena mi mwenyewe. Ulishangaa eh? Mtoto akija kwako unamwona anavyoongea na mwanao, na mwanao anavyobadilika akiwa naye, hicho ndo kitu cha kuangalia. We ulikuwa unapunguza sauti yako, unamwangalia kwanza yeye kabla hujajibu kitu. Sikusema neno. Baadaye nikiuliza nauliza kuhusu tukio, simgusi yeye, kama vile "ile hela ulipomwambia huna alifanyaje?" Ukajibu "hamna kitu" ukaondoka. Siku mbili baadaye tunaosha vyombo ukaniuliza ghafla, mama hivi mtu akikununia siku tatu huyo ni rafiki kweli? Mwanangu nilikuwa na hotuba ya saa nzima tayari mdomoni! Nikaimeza, nikasema tu "we unaonaje?" Ungeisikia ile hotuba usingeniuliza tena kitu.

Sheria nazo niliziweka kwako, sio kwake. Ulipodanganya unaenda kusoma kumbe mko kwenye pati, nilikuadhibu kwa uongo na kwa kuchelewa kurudi, ukakaa wikiendi mbili ndani, jina lake sikulitaja hata mara moja japo ulimi ulikuwa unawasha. Ningesema "ni yule kakufundisha" ningekuwa nimekupa mtu wa kumsingizia, na kosa lako lingekuwa lake.

Na baada ya pati ile ndo tukapanga ile meseji ya nukta. Ukinitumia nukta moja tu, mi nakupigia nakufokea kwamba kuna shida nyumbani rudi sasa hivi, nakufuata popote ulipo, na maswali yanasubiri mpaka kesho asubuhi. Kwa hiyo lawama yote mbele za wenzako ni ya mama mkali, we hujaaibika. Uliitumia mara mbili. Mtengenezee huyo wako ya kwake, afu usije ukavunja ile sehemu ya maswali kusubiri mpaka asubuhi, ukivunja mara moja tu hatakutumia tena.

Lingine ni ile timu ya netiboli niliyokung'ang'aniza, ilikuwa ni hesabu zangu hizo. Mtoto mwenye rafiki mmoja tu akinuniwa hana pa kwenda, atakubali lolote. Ulipopata wenzako wengine kununiwa kukakosa nguvu, ukaribu ukapungua taratibu wala hamkugombana.

Ila kuna ambayo sikuwa tayari kuyasubiri, na we usisubiri. Rafiki akimpiga, akimletea madawa, akimkutanisha na mtu mzima kwa siri, au kama kuna mtu anamtaka picha za utupu, hapo unaingilia siku hiyo hiyo na unamwambia mtoto wazi kwa nini, akinuna anune. Kama ni kelele na friji, vumilia.

Anza na karatasi leo usiku, akishalala. Afu unipigie unisomee upande wa pili peke yake, ule wa kwanza naujua tayari, nilikuwa nao.

Mama