Kutenganisha rundo la skani kwa msimbopau: hesabu kurasa kabla ya kuchana karatasi

Ukiwa na rundo la ankara za kuskani, kazi ya kuskani moja, kuhifadhi, kuipa jina, kisha kurudia, inachosha haraka. Njia ninayoitumia ni kuweka karatasi yenye msimbopau kati ya hati na hati, kulisha rundo lote kwa mkupuo, na kuiachia programu ikate faili kubwa kila inapoukuta msimbo huo. Mimi natumia Paperless-ngx. Katika mipangilio yake mistari miwili inatosha:

```
PAPERLESS_CONSUMER_ENABLE_BARCODES=true
PAPERLESS_CONSUMER_BARCODE_STRING=PATCHT
```

Neno hilo PATCHT ndilo linaloandikwa ndani ya msimbo. Ankara nyingi zina misimbopau yake, lakini haitakata kitu, maana programu inatafuta neno hilo tu. Karatasi yenyewe ikishasomwa hutupwa, haiingii kwenye hati yoyote.

Hayo ni mepesi. Tatizo ni kwamba karatasi ya kutenganisha isiposomeka hakuna kengele inayolia. Ankara mbili zinaungana kimyakimya kuwa faili moja, nawe unakuja kugundua siku unayoitafuta ile ya pili. Kwa hiyo mimi huhesabu.

Chukua rundo la ankara 40 zenye kurasa 96, zilizochapwa upande mmoja. Kati yake zinaingia karatasi 39 za kutenganisha, hivyo skana inatakiwa kutoa picha 135. Tuseme programu imekuletea hati 38. Mbili zimemezwa, lakini usikimbilie kuskani upya. Jumlisha kwanza kurasa za hizo hati 38. Ukipata 98, karatasi mbili zilipita kwenye skana ila msimbo wake haukusomeka, kwa hiyo zimebaki ndani ya hati kama kurasa za kawaida. Zitafute, kata faili hapo, umemaliza. Ukipata 96, na skana ilitoa picha 133, basi karatasi mbili hazikupigwa picha kabisa: ama ulisahau kuziweka, ama zilivutwa pamoja na ukurasa mwingine.

Kuna hali mbaya kuliko hizo: hati ni 40 kamili lakini kurasa ni 95. Hapo ukurasa mmoja wa ankara umepita ukiwa umejificha nyuma ya karatasi nyingine, iwe ya kutenganisha au ya ankara. Anayehesabu hati peke yake hataligundua hili. Skana yako ikiwa na kihisi cha kutambua karatasi mbili zilizoshikana, kiwashe, na upepee rundo kabla ya kulilaza kwenye trei.

Kwa nini msimbo hausomeki? Sababu ya kwanza ni ukali wa picha. Pau nyembamba ya nusu milimita hupata nukta kama 6 ukiskani kwa nukta 300 kwa inchi, na takriban 3 tu ukishuka hadi 150. Ikififia kidogo, pau na nafasi zinachanganyika. Mimi sishuki chini ya 300, na msimbo nauchapa mkubwa, wenye nafasi nyeupe ya kutosha kila upande.

Sababu ya pili wengi hawaifikirii: vumbi kwenye kioo cha skana. Chembe moja huchora mstari mwembamba kutoka juu hadi chini ya kila ukurasa. Pau zikiwa zimesimama kuufuata mwelekeo huohuo, mstari huo unaonekana kama pau ya ziada na msimbo unaharibika wote. Pau zikilala, yaani zikipangika kama ngazi, mstari unazikata sehemu moja tu na programu inasoma pembeni yake. Ndiyo maana kwenye karatasi moja nachapa msimbo uleule mara mbili, mmoja umesimama na mwingine umelala. Kioo bado nakifuta, lakini silali macho kwa sababu yake.

Ukiskani pande mbili, mgongo mtupu wa karatasi ya kutenganisha huwa ukurasa wa kwanza wa hati inayofuata. Chapa msimbo pande zote mbili, tatizo linaisha. Hesabu yako tu ndiyo inabadilika, kila karatasi sasa ni picha mbili.

Karatasi hizi zinatumika tena na tena, ila iliyokunjwa kona itoe mapema, kwa kuwa ndiyo inayoshikana na jirani yake kwenye trei. Na ankara za karatasi zifunge kwa mpangilio uleule uliozilisha, zikae hivyo mpaka jumla ya kurasa ikubali.