Barua ya kumpendekeza rafiki: niseme kwamba ni rafiki yangu?

*Rafiki yangu anaomba kazi ya stoo kwenye ghala la dawa, Barabara ya Nyerere. Meneja wa pale ameniomba niandike kuhusu yeye kwa sababu tuliwahi kufanya kazi pamoja. Kazi anaiweza kweli. Lakini nikitaja urafiki, si wataona nasukumia mtu wangu? – Msomaji, Mbagala*

Taja, ndugu yangu, tena mwanzoni kabisa, kwa miaka na kwa kazi: "Namfahamu tangu 2016. Tulikuwa stoo moja kwa miaka mitatu, mimi nikiwa karani wa mapokezi, na hadi leo ni marafiki wa karibu. Si ndugu yangu, wala sikuwa msimamizi wake." Hiyo sentensi ya mwisho wengi huisahau, na meneja akadhani ulikuwa bosi wake.

Enzi naajiri nililetewa barua nzuri mno ya kumsifu kijana mmoja. Nikapiga simu kuuliza jambo dogo, akapokea mtoto: "Baba, wanamuulizia mjomba!" Kumbe shemeji mtu. Pengine kijana alifaa, ila hatukumwita.

Ukishasema mnavyofahamiana, andika ulichokiona kwa macho. "Mchapakazi na mwaminifu" kila barua inayo, haimsaidii mtu. Mwenye ghala la dawa anataka kujua kama hesabu zitakaa sawa na kama dawa inayokaribia kuisha muda itatangulia kutoka. Basi mpe tukio: "Kila Ijumaa alihesabu boksi rafuni na kulinganisha na kadi ya stoo. Mwaka 2018 alikuta boksi mbili za sindano zimepungua. Hakuifuta kadi ili hesabu zilingane. Alirudi kwenye hati za kutolea mzigo, akakuta zilitoka bila kuandikwa kwenye kadi, akamwita msimamizi waone pamoja." Hapo uaminifu umeonekana bila kutajwa.

Kisha pitia kila sentensi ukijiuliza, "Nilimwona lini?" Isiyo na jibu, ifute. Ya kusikia, andika kwamba ulisikia.

Weka na upungufu mmoja unaohusu kazi yenyewe. Siyo ule wa "anajituma kupita kiasi". Huo hutuchekesha tu. Mfano: "Eksel anaingiza takwimu vizuri, fomula bado. Mfumo wa stoo wa kompyuta hatukuwa nao, kwa hiyo siwezi kumsemea." Sifa zako zitaaminika zaidi baada ya hapo. Ila mwonyeshe rafiki yako barua kabla haijaondoka, maana kwenye usaili ataulizwa hilo hilo la fomula. Mshahara wake wa zamani, afya yake na mambo ya nyumbani kwake usiyaguse.

Usitumie karatasi yenye nembo ya ofisi yako ya sasa. Wanaomsemea si waajiri wako, ni wewe. Saini, weka namba ya simu, na siku hizo mbili tatu ipokee mwenyewe.