Nadharia ya motisha ya Vroom kwenye mtihani: maudhui au mchakato?

"Vroom anataja thamani ya zawadi, na zawadi ni hitaji la mtu. Kwa nini nikiiweka kwenye maudhui nakosa?"

Mkuu, kinachokuvuta ni hiyo thamani. Maslow na Herzberg wanakutajia vitu vyenyewe vinavyomsukuma mtu, na hayo ndiyo maudhui. Vroom (1964) hakutaja hitaji hata moja. Zawadi anakuachia ujaze mwenyewe. Anachoeleza ni jinsi mtu anavyopiga hesabu kabla ya kujituma, na hilo ndilo linaloiweka kwenye mchakato.

Chukua mpokea wageni wa hoteli hapa Arusha aliyeahidiwa bonasi akifikisha lengo. Anaamini akijituma atafikisha: 0.8. Bonasi anaitaka sana: 0.9. Ila meneja ana tabia ya kuahidi halafu halipi, kwa hiyo imani kwamba lengo litaleta bonasi ni 0.1. Zidisha: 0.8 × 0.1 × 0.9 = 0.072. Ongeza bonasi mpaka thamani ifike 1, unapata 0.08 tu. Lakini bonasi ikibaki ileile ya 0.9 na meneja akaanza kulipa kweli, imani ikapanda hadi 0.9, jibu ni 0.648.

Wengi wanapotezea alama hapo kwa kujumlisha. Ni kuzidisha, maana kipengele kimoja kikiwa sifuri motisha yote inakufa.

Swali la kisa likikuuliza "mfanyakazi anakosa nini?", nenda maudhui. Likisema bonasi ipo, anaitaka, na bado hajitumi, huyo ni Vroom. Akilalamika mwenzake kapata zaidi kwa kazi ileile, hamia kwa Adams na nadharia yake ya usawa, naye ni wa mchakato.