Je, ni lazima nipakie video kila siku?

*"Nina chaneli ya mapishi YouTube. Naambiwa nisipopakia kila siku chaneli itafichwa. Nimechoka, nifanyeje?"*

Dada, hakuna adhabu ya namna hiyo. YouTube wenyewe wamekwisha kueleza kwamba mfumo wao wa mapendekezo hupima mwitikio wa mtazamaji kwa kila video: je, akionyeshwa picha ya jalada anabofya, na akibofya anatazama kwa muda gani na kuridhika? Anayepakia mara nyingi hujipatia nafasi zaidi za kupendwa na kujifunza, lakini wingi wenyewe hauhesabiwi kuwa sifa. Hata arifa zina kikomo, kwani mfuasi hupata zisizozidi 3 za video mpya za chaneli moja ndani ya saa 24.

Kwa hiyo, pakia video moja kwa wiki kwa muda wa wiki nane, kisha fungua YouTube Studio, sehemu ya Analytics, utazame mchoro unaoonyesha watazamaji wanabaki hadi wapi katika kila video. Tuseme video ya pilau inapoteza nusu ya watazamaji katika sekunde 30 za mwanzo, kwa sababu unaanza na salamu ndefu. Hapo kasoro ni utangulizi, na kupakia kila siku kungeirudia tu. Inayofuata ianze na sufuria iliyokwisha kuiva.

Siku maalumu huwasaidia watazamaji wako kuzoea, basi chagua ile unayoimudu. Anayekuahidi kuinua chaneli akitaka nenosiri lako, mkatalie kabisa.