Betri mpya tatu, ya zamani moja

Duka la mtaani linauza betri moja moja. Redio ikianza kufifia, mtu hununua tatu, ya nne anaiacha ileile kwa sababu "bado ina moto". Redio inarudi kupiga vizuri na inaonekana pesa imeokolewa. Nimefungua redio nyingi za majirani zilizoliwa na maji ya betri, na mara nyingi iliyovuja ni moja tu. Nyingine kavu kabisa.

Betri hizo zimepangwa kwa mfuatano, kwa hiyo umeme unaopita kwenye moja ndio unaopita kwenye zote. Mpya ina volti 1.5 hivi. Chukulia redio ya betri nne inanyamaza jumla ikishuka chini ya volti 4. Zikiwa zimeanza pamoja, zote zitafika karibu na volti 1, redio itanyamaza, utazitoa. Hakuna iliyokauka hadi sifuri.

Ukichanganya, hesabu inaharibika. Ya zamani inaisha kabisa wakati mpya bado zina 1.4 kila moja, jumla 4.2. Redio inaendelea kuimba, nawe huna habari. Sasa zile tatu zinalazimisha umeme upite ndani ya iliyokufa, hadi chanya yake inageuka kuwa hasi. Ukiipima betri hiyo wakati redio inapiga, mita inaonyesha alama ya kutoa mbele ya namba. Ndani yake hutengenezwa gesi ya haidrojeni, inasukuma hadi mfuniko unaachia na maji yanatoka. Nguvu uliyoinunua dukani inaishia humo badala ya kwenye spika, ndiyo maana hata mpya haziendi mbali.

Betri za bei nafuu zina balaa la ziada: kopo lenyewe ni zinki, na zinki ndiyo inayoliwa betri inapofanya kazi. Ikitumika kupita kiasi, kopo linatoboka.

Kuianika juani hakusaidii. Joto linaiamsha kidogo, nawe unairudisha kwa wenzake ikiwa dhaifu vilevile. Hata mita inaweza kukudanganya, maana betri iliyopumzika hupanda volti. Ipime kifaa kikiwa kimewashwa.

Ukikuta unga mweupe wa betri za alkalaini, usiushike kwa mkono mtupu, unaunguza ngozi. Toa betri, paka siki kidogo kwa pamba kwenye vyuma, futa, acha pakauke kabisa.

Mimi hununua seti nzima, ya aina moja, na kuandika mwezi kwa kalamu kwenye kila betri. Zikitoka, zinatoka zote. Kama ni zile ndogo za rimoti na bado zina uhai, nazimalizia kwenye saa ya ukutani: inatumia moja tu, hakuna mwenzake wa kuisukuma. Mshale ukisimama, naitoa siku hiyohiyo.